Maabara Haikuona Kitu, na Tumbo Bado Linaendesha

Chukulia mama wa miaka 41 anayeuza omena soko la Kibuye, Kisumu. Ana VVU, na amejua hivyo kwa miaka 7. Wiki 6 sasa anaenda choo mara 6 hadi 8 kwa siku. Choo ni maji matupu, kingi, hakina damu wala kamasi, na tumbo linanguruma kila anapomaliza kula. Hana homa. Mwaka jana alikuwa na kilo 61, leo mizani inasoma 52. Kwenye kemisti karibu na steji ameambiwa mara 3, "Mama, hiyo ni amiba tu, meza hizi Flajili kutwa mara tatu," na mara zote 3 amemaliza dozi. Kila mara tumbo lilitulia siku mbili tatu, kisha likarudi. Safari ya nne akaenda kituo cha afya, akapimwa choo, akapewa karatasi inayosema hakuna mayai ya minyoo wala vimelea vilivyoonekana. Nyumbani wakwe wameshaanza kunong'ona kuhusu chira, ile laana ya kuvunja miiko, na huyo mkondo wa maneno akiufuata atapoteza wiki nyingine 4.

Mama huyu ni wa kutunga, lakini mtu yeyote aliyekaa kwenye kliniki ya VVU kando ya ziwa amekutana na mwenzake. Tutamfuata hadi mwisho kwa sababu kisa chake kina fundo ambalo wagonjwa wengi, na watoa huduma kadhaa, hawalifungui: ile karatasi ilikuwa sahihi, na bado alikuwa na vimelea tumboni.

Tuanze na siku, kwa sababu siku zenyewe zinasema kitu. Kuhara kwa siku 3 au 5 mara nyingi ni virusi au bakteria wa chakula na maji, na huisha kwenyewe. Kukipita siku 14, orodha ya washukiwa hubadilika, vimelea vya chembe moja huja mbele. Kukipita mwezi mmodi kwa mtu mwenye VVU, bila sababu kujulikana, Shirika la Afya Duniani linamhesabu mtu huyo kuwa katika hatua ya 3 ya ugonjwa, kati ya hatua 4. Na akiwa amepoteza zaidi ya asilimia 10 ya uzito wake, anaingia hatua ya 4, ya mwisho. Mama wetu amepoteza kilo 9 kati ya 61, yaani karibu asilimia 15. Kabla hata ya kutolewa tone la damu, mizani na kalenda vimeshasema kwamba kinga yake imeanguka. Hii ndiyo "slimu" iliyopewa jina upande wa pili wa ziwa, Rakai nchini Uganda, mwanzoni mwa miaka ya 1980, kabla watu hawajajua inaletwa na nini.

Kwa hiyo maswali ni mawili, na yote mawili yanahitaji majibu. La kwanza, ni kimelea gani kiko tumboni? La pili, kwa nini mwili umeshindwa kukitoa? Anayejibu la kwanza peke yake atatibu leo na kumwona mgonjwa yuleyule baada ya miezi 2. Anayejibu la pili peke yake anaweza kumpoteza kwa upungufu wa maji kabla ARV hazijapata nafasi ya kufanya kazi.

Kipimo cha kawaida huona nini

Kipimo cha choo cha kila siku ni chepesi. Fundi wa maabara huchukua choo kidogo kwa kijiti, anakichanganya na tone la maji ya chumvi upande mmoja wa slaidi na tone la ayodini upande wa pili, anafunika kwa kioo chembamba, kisha anatazama kwa lenzi ya 10 na ya 40. Kwa njia hiyo mayai ya minyoo huonekana vizuri. Amiba na jiardia nazo huonekana, zikiwa nyingi na choo kikiwa hakijakaa sana.

Lakini washukiwa wakubwa wa mtu mwenye kinga iliyoanguka ni wengine. Wa kwanza ni kriptosporidiamu. Vijiyai vyake ni vya mviringo, vyenye upana wa mikroni 4 hadi 6, vidogo kuliko chembe nyekundu ya damu, na kwenye tone la maji ya chumvi havina tofauti na hamira au kiputo cha mafuta. Wa pili ni isospora, ambayo siku hizi wataalamu huiita sistoisospora. Kijiyai chake ni kirefu kama punje ya mchele iliyochongoka kidogo ncha zote mbili, urefu wa mikroni 22 hadi 33. Ni kikubwa kuliko kile cha kwanza, ila ni kama kioo: mwanga wa hadubini ukiwa mkali, jicho linakipita tu. Tena hakitoki kila siku. Leo vinatoka vingi, kesho hakuna hata kimoja.

Kuviona kunahitaji rangi. Njia yenyewe inaitwa Ziehl-Neelsen iliyorekebishwa, na ni ndugu wa ile iliyotumika miaka mingi kutafuta vijidudu vya TB kwenye makohozi. Choo kinapakwa kwenye slaidi kwa tabaka jembamba, kinaachwa kikauke, kisha kinagandishwa kwa methanoli dakika 2 au 3. Inamwagwa rangi nyekundu ya kabolifuksini, bila kupashwa moto, dakika 15. Inaoshwa kwa maji. Halafu inakuja hatua yenye mtego: asidi ya kuondoa rangi. Kwa TB hutumika asidi ya asilimia 3, lakini hapa ni asilimia 1 tu, kwa sekunde 10 hadi 15. Fundi aliyezoea TB akitumia mkono wake wa kawaida, ataosha rangi hadi kwenye vijiyai vyenyewe, na jibu litatoka "hakuna" wakati vipo. Mwisho ni rangi ya pili, ya kijani au buluu, kwa sekunde 30. Slaidi ikitazamwa, uwanja wote ni wa kijani, na vijiyai vinang'aa ndani yake kwa wekundu wa waridi: kriptosporidiamu kama shanga ndogo za mviringo, isospora kama punje ndefu zenye kiini kimoja au viwili ndani.

Ukitazama kemikali hizo, hakuna cha ajabu hapo. Maabara iliyokuwa ikipima TB kwa hadubini ilikuwa na karibu kila kitu kwenye rafu. Kinachokosekana mara nyingi ni maneno machache kwenye fomu ya kuagiza kipimo. Daktari akiandika tu "choo, hadubini", maabara itafanya tone la chumvi na ayodini na kumaliza. Akiandika "mgonjwa ana VVU, anahara wiki 6, tafuta kriptosporidiamu, isospora na saikolospora kwa rangi ya Ziehl-Neelsen iliyorekebishwa", atapata kazi nyingine kabisa. Mgonjwa naye anayo haki ya kuuliza: "Daktari, hiki kipimo kinaonyesha vile vimelea vinavyohitaji rangi, au ni kile cha kawaida?" Swali hilo halimvunjii mtu heshima, na limeokoa kilo nyingi.

Choo chenyewe nacho kina masharti. Kiwekwe kwenye kopo safi, kavu, lenye mdomo mpana, kisichanganyike na mkojo wala maji ya chooni. Kikiwa cha majimaji, vijiko viwili vya chai vinatosha, na kifike maabara ndani ya saa moja, maana amiba hai hufa na kupoteza umbo haraka. Kwa vile isospora hutoka kwa kupokezana, sampuli ziwe 3, za siku tofauti, ndani ya siku 10. Na zitolewe kabla ya kumeza dawa. Hapa ndipo zile dozi 3 za Flajili zilipofanya uharibifu wa pili. Hazikutibu, kwa sababu si dawa ya kutegemea kwa kriptosporidiamu wala isospora, na kama kungekuwa na amiba au jiardia, zingekuwa zimeipunguza kiasi cha kutoonekana. Lile tumaini la siku mbili tatu lilikuwa ni mwendo wa ugonjwa wenyewe, ambao hupanda na kushuka bila kuulizwa.

CD4 ndiyo inayosema utafute wapi

Mama wetu alipofika kliniki ya VVU, aliulizwa jambo ambalo kemisti hakuuliza: unameza ARV? Alikuwa kwenye TLD, kile kidonge kimoja cha tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri. Lakini miezi 8 iliyopita alihamia Mbita kufuata biashara ya samaki, hakuchukua barua ya uhamisho, dawa zikaisha, na aibu ya kurudi ikakua kila mwezi. Septrini ya kinga ya kila siku nayo ilikoma pamoja nazo. Damu ilitoa majibu yaliyotarajiwa: CD4, yaani hesabu ya chembe za kinga kwenye damu, ilikuwa 64, na virusi 184,000 kwa kila mililita.

Ile namba 64 si ya kutisha tu, ina matumizi. Ukuta wa utumbo ndio ghala kubwa la chembe za CD4 mwilini, na ndiko VVU huanza kuzimaliza. Mtu mwenye kinga nzima akimeza kriptosporidiamu huhara wiki moja au mbili, kisha mwili unaitoa. Mwenye VVU ambaye CD4 yake imezidi 200 kwa kawaida naye huitoa. Ikishuka chini ya 100, kimelea kinapata makao. Hapo pia huingia mikrosporidia, vidogo kupita vyote, mikroni 1 hadi 4, ambavyo hata rangi tuliyoieleza haivionyeshi, vinahitaji rangi ya aina nyingine. Chini ya 50, sitomegalovirusi inaweza kutoboa utumbo mpana. Kinyume chake, mtu mwenye CD4 ya 600 na virusi visivyoonekana kwenye kipimo, akihara wiki 6, mtafutie kwanza yale yanayompata kila mtu: jiardia, maziwa yasiyomkubali, dawa mpya aliyoanzishwa. Ikiwa yuko kwenye lopinaviri na ritonaviri, dawa hiyo yenyewe inajulikana kwa kuendesha tumbo.

Sura ya choo nayo inagawanya njia. Choo kingi cha maji, gesi, kunguruma, na kukonda haraka vinaonyesha utumbo mwembamba, nyumba ya kriptosporidiamu, isospora, mikrosporidia na jiardia. Choo kidogo cha mara kwa mara, chenye damu au kamasi, na kujikamua bila kutoa kitu, kinaonyesha utumbo mpana: shigela, amiba, sitomegalovirusi. Huko kinachotakiwa ni kuotesha bakteria maabara, na wakati mwingine kamera ya kuingia tumboni kwenye hospitali ya rufaa. Homa na jasho la usiku zikijumlishwa, fikiria TB ya tumbo au salmonela iliyoingia kwenye damu, ambayo huku magharibi mwa Kenya si mgeni kwa watu wenye VVU. Salmonela hiyo hutafutwa kwenye damu iliyooteshwa, maana choo kinaweza kutoonyesha kitu.

Kwa CD4 ya 64, TB haingoji homa ili itafutwe. Mama alitoa makohozi yakapimwa kwa mashine ya GeneXpert, akatoa mkojo wa kipimo cha LAM, na damu yake ikapimwa antijeni ya kriptokoka, kuvu wa uti wa mgongo na ubongo. Jina hilo linafanana na kriptosporidiamu na watu huvichanganya kila siku, lakini ni viumbe viwili tofauti kabisa. Hicho kipimo cha kuvu hufanywa kabla ya kuwasha tena ARV, kwa sababu mwenye kuvu kwenye ubongo hupewa kwanza dawa ya kuvu kwa wiki kadhaa. Kwake yote matatu yalitoka bila ugonjwa. Hesabu yake ya damu ilionyesha jambo moja dogo: aina ya chembe nyeupe ziitwazo eosinofili zilikuwa juu. Vimelea vya chembe moja kwa kawaida havipandishi eosinofili, minyoo ndiyo hufanya hivyo. Isospora ni mojawapo ya vichache vinavyovunja kanuni hiyo. Sampuli ya kwanza ya choo, kwa rangi, haikuonyesha kitu. Ya pili ikaonyesha punje ndefu za waridi.

Mapacha wasiotibiwa sawa

Tofauti ya isospora na kriptosporidiamu huwezi kuijua kwa kumtazama mgonjwa. Wote wawili huleta maji yaleyale, tumbo lilelile, kukonda kulekule. Ndiyo sababu ya kupima, kwa kuwa mbele ya dawa wanaachana kabisa.

Isospora inaua mtu polepole, na inapona kwa dawa ya bei ya soda. Septrini ndiyo dawa. Kidonge kikubwa ni cha miligramu 960, sawa na viwili vya 480. Kutibu isospora kwa mtu mwenye CD4 ya chini ni miligramu 960 mara 4 kwa siku kwa siku 10, yaani vidonge vikubwa 40. Wengine huanza na mara 2 kwa siku na kuongeza ikiwa tumbo halikusikia. Kwa kawaida kuhara hupungua ndani ya siku chache tu. Asiyeweza kutumia septrini, kwa sababu ya mzio, hupewa siprofloksasini miligramu 500 mara 2 kwa siku kwa siku 7, ambayo ni dhaifu kidogo kwa kazi hii.

Hapa kuna kosa la kawaida. Mtu husema, "Mbona mimi nilikuwa na septrini nyumbani, nikameza, na haikunisaidia?" Alimeza moja kwa siku. Hiyo ni dozi ya kinga. Inazuia isospora isiingie, lakini kuitoa ikishajenga kunahitaji mara 4 ya hiyo. Upande wa pili wa jambo hilo ni dokezo zuri kwa daktari: mgonjwa ambaye kweli amekuwa akimeza septrini ya kinga kila siku, na bado anahara mwezi mzima, isospora inashuka kwenye orodha, na kriptosporidiamu na mikrosporidia zinapanda.

Dozi kubwa ya septrini ina gharama. Inaweza kupandisha potasiamu na kuchosha figo, na mtu aliyekauka maji kwa wiki 6 figo zake tayari ziko taabani, tena TLD ina tenofoviri ambayo nayo hupitia hukohuko. Kreatinini ipimwe mwanzo. Upele ukitokea, hasa wenye malengelenge au vidonda mdomoni na machoni, dawa inaachwa siku hiyohiyo na mgonjwa anarudi hospitali bila kungoja tarehe.

Kriptosporidiamu ni habari nyingine. Hakuna dawa inayoitoa kwa uhakika mtu ambaye kinga yake iko chini. Nitazoksanidi hutumika, miligramu 500 hadi 1,000 mara 2 kwa siku kwa wiki 2 au zaidi pamoja na chakula, lakini bila ARV matokeo yake ni hafifu. Dawa ya kriptosporidiamu kwa mwenye VVU ni ARV yenyewe. CD4 ikipanda kupita 100, mwili huanza kuitoa. Miezi hiyo ya katikati, kinachomweka mgonjwa hai ni maji, chumvi na chakula. Mikrosporidia inagawanyika: aina moja husikia albendazoli miligramu 400 mara 2 kwa siku kwa wiki 2 hadi 4, na nyingine, ambayo ndiyo nyingi zaidi tumboni, haisikii, inangoja ARV kama kriptosporidiamu.

Ona sasa kilichokuwa mezani. Mama akitibiwa kwa kubahatisha akapewa Flajili, isospora inaendelea. Akihesabiwa kuwa na kriptosporidiamu bila kupimwa, akaambiwa angoje ARV zifanye kazi, ananyimwa vidonge 40 ambavyo vingemtuliza wiki hiyohiyo. Na yule mwenye kriptosporidiamu ya kweli akipewa septrini kwa wiki 3, anapata madhara ya figo bure.

Pale ambapo rangi haipatikani kabisa, na mgonjwa anazidi kudhoofika, wahudumu wenye uzoefu hujaribu septrini ya dozi ya matibabu kwa siku chache huku wakituma sampuli maabara kubwa. Hilo lina mantiki, kwa sababu septrini hushika pia saikolospora, pacha mwingine mdogo. Lakini sampuli itoke kwanza, kidonge kifuate.

Maji yanayoingia na yanayotoka

Kila safari ya chooni inafuatwa na kikombe kimoja hadi viwili vya maji ya chumvi na sukari. Pakiti za ORS zinazouzwa Kenya si zote za lita moja, ziko za nusu lita, na kosa la kuchanganya ya nusu lita kwenye lita nzima hutokea sana. Soma pakiti. Pasipo pakiti, lita moja ya maji yaliyochemshwa, vijiko 6 vya chai vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko cha chumvi. Chumvi ikizidi ni hatari kuliko ikipungua. Kula kusikatizwe: uji, ndizi, viazi, supu ya samaki, kidogo kidogo mara 5 au 6. Maziwa mabichi na ya chai yapunguzwe kwa muda, kwa kuwa ukuta wa utumbo ulioumia haumeng'enyi sukari ya maziwa. Mala huvumilika vizuri zaidi. Anayekojoa kidogo sana na mkojo mweusi, anayeona kizunguzungu akisimama, anayetapika kila anachokunywa, au aliyeanza kutoa damu, asishinde nyumbani na kikombe. Anahitaji dripu. Na vile vidonge vya kufunga tumbo visiguswe kukiwa na homa au damu.

Jambo dogo linaloharibu kazi kubwa: zinki, dawa za kiungulia zenye magnesiamu au aluminiamu, na vidonge vya chuma au kalsiamu. Hivi hushikana na dolutegraviri tumboni na kuizuia isiingie mwilini. Mgonjwa anayehara mara nyingi hurundikiwa zinki na dawa za kiungulia kwa siku moja. TLD imezwe saa 2 kabla yao au saa 6 baada yao.

Sasa maji ya kunywa. Klorini, ile dawa ya maji ya kwenye chupa, ni kinga nzuri ya kipindupindu na homa ya matumbo. Kijiyai cha kriptosporidiamu hakiiogopi. Mwaka 1993, jijini Milwaukee, Marekani, kilipita kwenye mitambo ya maji yaliyotiwa klorini na kuhesabiwa kuwa kimeugulisha watu wapatao 400,000. Kinachokiua ni moto. Maji yafikie kuchemka kwa mapovu makubwa na yaendelee hivyo dakika 1. Kisumu iko mita 1,100 na kidogo juu ya bahari, na Nakuru karibu mita 1,850, kwa hiyo dakika moja inatosha miji yote miwili. Eldoret, iliyopita mita 2,000, iwe dakika 3. Makaa ni ghali, ndiyo, lakini kuchemsha nusu saa kama wengine wafanyavyo ni kuchoma pesa bila faida.

Kwenye ploti za Nyalenda au Manyatta, choo kimoja hutumiwa na nyumba nyingi, na hapa tena mapacha wanaachana. Kijiyai cha isospora kikitoka hakijaiva, kinahitaji siku moja au mbili nje kabla ya kuambukiza. Cha kriptosporidiamu kinatoka tayari. Kwa hiyo anayemwosha mgonjwa wa kriptosporidiamu, na mtoto anayecheza karibu naye, wako hatarini saa hiyohiyo, na ndama wachanga wa zero grezi nao huieneza. Sabuni na maji vinakiondoa mikononi. Sanitaiza ya spiriti haikifanyi kitu.

Mama wetu alipewa vidonge 40, ORS, na TLD ikawashwa tena wiki hiyohiyo kwa kuwa hakuwa na TB wala kuvu. Siku ya 4 alienda choo mara 2. Siku ya 10 alishuka kutoka mara 4 hadi septrini moja ya 960 kwa siku, ambayo haitaachwa mpaka CD4 ipite 200 na ikae huko kwa miezi 6, la sivyo isospora hurudi kwenye utumbo uleule. Baada ya miezi 3 alikuwa na kilo 57 na virusi chini ya 200 kwa mililita. Kwenye faili lake waliandika pia namba ya kliniki ya Mbita, ili safari ijayo ya samaki aondoke na barua ya uhamisho na dawa za miezi 3 mkobani.